Kwinini, Siki Isiyo na Maji na Nitrojeni Iliyojificha

Molekuli moja ya kwinini ina nitrojeni mbili zinazoweza kupokea asidi. Ukiipima ndani ya maji, kwa bureti na asidi ya kawaida kama tulivyofundishwa sekondari, utaiona vizuri moja tu. Ya pili ipo pale pale, haijaharibika wala haijaenda popote. Maji yenyewe ndiyo yanayoificha.

Kwinini hutoka kwenye magome ya mkwinini. Wafaransa wawili, Pierre-Joseph Pelletier na Joseph Caventou, waliitenga kwa mara ya kwanza mwaka 1820, na hadi leo Bukavu, mashariki mwa Kongo, kuna kiwanda cha Pharmakina kinachojulikana kwa kuitoa kwenye magome hayo. Inapofika kwa watengenezaji wa vidonge huwa ni unga mweupe wa kwinini salfeti, yaani kwinini iliyofungamana na asidi ya salfuriki. Kabla unga huo haujaingia kwenye mashine ya vidonge, lazima mtu aseme kwa hakika ni kiasi gani chake ni kwinini salfeti kweli. Famakopea ya Ulaya inataka unga mkavu uwe kati ya asilimia 99.0 na 101.0. Nafasi hiyo ni finyu, lakini bureti ya kioo inaweza kuifikia, kwa sharti moja: maji yaondoke na nafasi yao ichukuliwe na asidi ya asetiki, ile ile inayoipa siki ukali wake, ila hii imebaki yenyewe karibu bila tone la maji.

Tuanze na kosa la maji. Kemia ya asidi na besi, ikivuliwa majina yake makubwa, ni habari ya protoni kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Protoni ni hidrojeni iliyopoteza elektroni yake. Asidi huitoa, besi huipokea. Katika taitresheni tunayeyusha besi kwenye chupa, kisha tunadondosha asidi ya nguvu inayojulikana hadi kila molekuli ya besi ipate protoni yake. Tone linalofuata halina wa kulipokea, hivyo asidi iliyo huru kwenye chupa inapanda ghafla na rangi ya kiashiria inageuka. Mrukaji huo wa ghafla ndio kila kitu. Usipokuwepo, hakuna wa kukuambia usimame wapi.

Nitrojeni ya kwanza ya kwinini imekaa kwenye sehemu ya molekuli iliyojikunja kama tundu, na inashika protoni vizuri. Nguvu yake kwa kipimo cha pKa ni kama 8.5. Ya pili imo ndani ya pete bapa, na nguvu yake ni kama 4.2 tu. Katika kipimo hiki kila hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo nitrojeni ya pili inashika protoni kwa unyonge wa zaidi ya mara 10,000 ukilinganisha na mwenzake.

Sasa iweke kwenye maji. Tuseme myeyusho una moli 0.02 za kwinini kwa lita, kiasi cha kawaida katika kazi hii. Lita hiyo hiyo ina moli zaidi ya 55 za maji. Maana yake ni kwamba kila molekuli ya kwinini imezungukwa na molekuli za maji zaidi ya 2,700, na maji nayo ni besi. Ni besi dhaifu, lakini wingi wake ni mkubwa mno. Unapodondosha asidi, protoni inakuta wapokeaji wa aina mbili, na nitrojeni dhaifu haiwezi kujichukulia zote. Ukipiga hesabu, pale ambapo umeshaweka asidi ya kutosha kabisa kwa nitrojeni ya pili, karibu sehemu 6 kati ya 100 za nitrojeni hizo bado hazina protoni, kwa sababu protoni zake zimebaki kwa maji. Kabla ya hapo asidi huru ilikuwa ikiongezeka polepole, na baada ya hapo inaendelea kuongezeka polepole. Hakuna mruko. Kiashiria kinabadilika rangi kwa uvivu katika mililita nzima, na mpimaji anabaki kuchagua tone analolipenda.

Mtu anaweza kufikiri dawa yake ni kutafuta asidi kali zaidi. Haisaidii, na hapa ndipo ubaya wa maji unapoonekana upande wa pili. Asidi yoyote ya nguvu inayoingia kwenye maji, iwe ya hidrokloriki, ya nitriki au ya perkloriki, inanyang'anywa protoni yake papo hapo. Kinachobaki ni ioni ya H3O+, maji yaliyobeba protoni. Hiyo ndiyo asidi kali kuliko zote inayoweza kuishi ndani ya maji. Unaweza kununua asidi ya bei ghali kiasi gani, maji yataishusha hadi ngazi hiyo hiyo. Kwa hiyo maji yanatubana mara mbili: yanashindana na besi yetu kupokea protoni, na yanaififisha asidi yetu kabla haijaifikia besi.

Mwaka 1927, katika Chuo Kikuu cha Harvard, James Bryant Conant na Norris Hall walichapisha uchunguzi wao juu ya asidi zilizoyeyushwa ndani ya asidi ya asetiki badala ya maji. Conant baadaye alikuja kuwa rais wa chuo hicho, na wengi wanamkumbuka kwa hilo, lakini kwa mkemia wa maabara ya dawa kazi yake hii ndiyo inayomgusa kila siku. Waliona kwamba asidi ya perkloriki ndani ya asidi ya asetiki inakuwa na ukali ambao haupo kabisa majini, kiasi kwamba besi ambazo majini hazina dalili ya ubesi zilipimika bila shida.

Sababu yake si ngumu. Asidi ya asetiki ni asidi, kwa hiyo haina hamu ya kupokea protoni. Ikilazimishwa na asidi ya perkloriki inapokea, na inakuwa CH3COOH2+, lakini inaishika protoni hiyo kwa shingo upande na kuiachia kwa besi yoyote inayopita. Ndani yake asidi ambazo majini zilionekana sawa zinatengana: ya perkloriki inaongoza, ya salfuriki na ya hidrokloriki zinafuata kwa mbali, ya nitriki inashika mkia. Ndiyo maana bureti ya kazi hii huwekwa perkloriki na si nyingine.

Upande wa besi nako mambo yanageuka. Asidi ya asetiki, kwa kuwa inapenda kutoa protoni, inaipa hata ile nitrojeni mnyonge ya kwinini. Inapofanya hivyo inabaki asetati, ambayo ndiyo besi kali kuliko zote inayoweza kuishi humo. Kwa hiyo nitrojeni ya 8.5 na ile ya 4.2, zilizokuwa mbali majini, humu zinafika kikomo pamoja kana kwamba ni ndugu wa rika moja. Kinachotokea kwenye chupa, ukitazama kwa undani, ni CH3COOH2+ kukutana na asetati na zote mbili kurudi kuwa asidi ya asetiki. Mruko unakuwa mkali, na unatokea mara moja tu, baada ya nitrojeni zote mbili kushiba.

Ukiingiza maji humu, hata kidogo, unarudisha mshindani uliyemfukuza. Maji ndani ya asidi ya asetiki ni besi, yanachukua protoni kutoka CH3COOH2+ na kutengeneza H3O+, ambayo ni asidi dhaifu zaidi. Huku mwanzoni mwa kazi hayaonekani, kwa kuwa kwinini bado ni nyingi na inashika vizuri zaidi. Yanajitokeza karibu na kikomo, pale ambapo mruko unatakiwa uwe mkali. Mpimaji mzoefu anayatambua kwa rangi: kiashiria cha kristal vayoleti, ambacho kinapaswa kutoka zambarau kwenda buluu na kijani cha bahari kwa tone moja au mawili, kinakaa kwenye buluu chafu, unaongeza tone, unaongeza lingine, na bado hujui umefika au hujafika.

Tatizo ni kwamba maji hayo hayaji kwa bahati mbaya tu. Yanakuja ndani ya chupa ya asidi ya perkloriki yenyewe. Asidi hii haiuzwi kavu, kwa sababu ikiwa kavu ni hatari na haitabiriki. Inauzwa ikiwa na asidi kama asilimia 70 hadi 72, na kilichobaki ni maji. Ili kutengeneza lita moja ya asidi ya bureti yenye nguvu ya moli 0.1, unahitaji mililita 8.5 za asidi hiyo. Uzito wake ni kama gramu 14, na ndani yake kuna gramu 10 za perkloriki na gramu 4 za maji. Gramu 4 ndani ya lita nzima zinaonekana chache, lakini ni moli 0.22 za maji, mara mbili ya moli za asidi yenyewe.

Maji hayo yanaondolewa kwa anhidridi ya asetiki, kimiminika kinachokula maji na kugeuka kuwa asidi ya asetiki, yaani kuwa kile kile kiyeyushi tunachokitaka. Haiachi uchafu wowote nyuma yake, na katika kemia ya maabara sijui suluhisho lililo safi zaidi ya hilo. Gramu 18 za maji hula gramu 102 za anhidridi, kwa hiyo gramu 4 zinataka karibu gramu 23, ambazo ni mililita 21 hivi. Hapo unaelewa kwa nini baadhi ya vitabu huandika mililita 21. Vingine huandika 30, na vyote viko sawa: asidi ya asetiki ya dukani nayo ina maji yake, na ikiwa na asilimia 0.2 tu, lita moja inaleta gramu 2 nyingine, na hesabu inapanda hadi mililita 31 au 32.

Utaratibu wa kuchanganya si wa kuchezea. Kwanza asidi ya perkloriki inamiminwa taratibu kwenye asidi ya asetiki nyingi, kama mililita 900, huku ikikorogwa. Ikishatawanyika vizuri, ndipo anhidridi inaingia kidogo kidogo huku chupa ikipozwa, kwa sababu inapokutana na maji inatoa joto. Mwisho unajaza hadi lita moja na kuiacha kwa saa 24 ili anhidridi imalize kazi yake. Kamwe perkloriki na anhidridi havikutanishwi peke yake. Tarehe 20 Februari 1947, mjini Los Angeles, kiwanda cha kung'arisha metali cha O'Connor kilikuwa na tangi kubwa la mchanganyiko wa vitu hivi viwili kwa ajili ya kung'arisha alumini. Tangi lililipuka, watu 17 wakafa na majengo ya jirani yakabomoka. Myeyusho wa bureti una perkloriki gramu 10 tu kwa lita nzima na haufanani na tangi lile, lakini mpangilio wa kuchanganya upo ili hata kwa dakika moja usiwe na kitu kinachofanana nalo mkononi mwako. Mwagiko ukitokea, usiufute kwa karatasi au kitambaa na kuviacha vikauke kwenye pipa la taka.

Baada ya saa 24 maji yaliyobaki hupimwa kwa njia ya Karl Fischer. Famakopea ya Marekani inataka yawe kati ya asilimia 0.02 na 0.05. Msomaji makini atauliza kwa nini kuna kiwango cha chini, wakati nia yetu yote ni kuyafukuza. Ni kwa sababu myeyusho usio na maji kabisa huenda una anhidridi iliyozidi, na anhidridi iliyozidi inaweza kushambulia baadhi ya dawa zenyewe. Inapokuta nitrojeni yenye hidrojeni yake, inaing'oa hidrojeni hiyo na kujipachika mahali pake, na nitrojeni iliyopachikwa hivyo si besi tena. Dawa inaonekana pungufu wakati haina kasoro. Nitrojeni za kwinini hazina hidrojeni ya kung'olewa, hivyo zenyewe haziathiriki, lakini chupa ile ile ya asidi itatumika kesho kwa dawa nyingine. Kidogo cha maji kilichoachwa ni uthibitisho kwamba anhidridi imekwisha.

Sasa tufike kwenye kipimo chenyewe, na kwanza tutegue kitendawili kinachowakwaza wanafunzi. Molekuli ya kwinini salfeti ina kwinini mbili zilizoshikwa na asidi moja ya salfuriki. Kwinini mbili zina nitrojeni nne. Je, itakula protoni ngapi kutoka kwenye bureti? Wengi hujibu nne. Wengine hukumbuka kwamba asidi ya salfuriki imeshatoa protoni mbili kwa nitrojeni mbili, hivyo hujibu mbili. Jibu sahihi ni tatu, na linatokana na kiyeyushi. Majini asidi ya salfuriki hutoa protoni zake zote mbili na kubaki salfeti. Ndani ya asidi ya asetiki inakuwa bahili: inakubali kutoa moja, ya pili inaing'ang'ania. Maana yake salfeti iliyomo kwenye unga wetu, ikikutana na asidi ya bureti, inadai protoni moja irudi kwake. Nitrojeni nne na salfeti moja ni madai matano. Mbili zilikuwemo tangu mwanzo. Bureti inalipa tatu. Uzito wa moli moja ya kwinini salfeti kavu ni gramu 746.9, ukigawa kwa tatu unapata 248.97, na ndiyo sababu vitabu huandika kwamba kila mililita moja ya asidi ya moli 0.1 ni sawa na miligramu 24.90.

Tuchukue mfano na kuufuata hadi mwisho. Asubuhi, chumba kikiwa nyuzi 25 za Selsiasi, mpimaji anaanza kwa kujua nguvu halisi ya asidi yake, kwa maana moli 0.1 ni makadirio tu. Anatumia unga wa potasiamu hidrojeni fthaleti uliokaushwa. Majini kitu hiki ni asidi, na wanafunzi hukitumia kupimia sodiamu hidroksaidi. Ndani ya asidi ya asetiki kinageuka na kuwa besi. Anapima gramu 0.3512, anaiyeyusha kwa kuipasha moto kidogo kwenye asidi ya asetiki, anaipoza, anaweka matone ya kristal vayoleti na kuanza kudondosha. Katikati ya kazi chupa inaanza kuonyesha chenga nyeupe. Asishtuke: ni potasiamu perklorati, chumvi isiyopenda kuyeyuka, na haidhuru hesabu. Rangi inageuka kwenye mililita 17.04. Kipimo tupu, yaani kiyeyushi na kiashiria bila unga, kilikula mililita 0.04. Zinabaki 17.00. Gramu 0.3512 ukigawa kwa 204.22 ni milimoli 1.7197, ukigawa kwa 17.00 unapata nguvu ya moli 0.1012 kwa lita.

Mchana anageukia unga wa kwinini salfeti. Anapima gramu 0.3012. Sehemu nyingine ya unga huo, iliyokaushwa kwenye tanuri, imeonyesha kwamba asilimia 4.5 yake ni maji, jambo la kawaida, kwani fuwele za chumvi hii hubeba molekuli mbili za maji kila moja. Kwa hiyo unga mkavu ndani ya chupa ni gramu 0.2876. Maji hayo ya fuwele ni miligramu 13 na ushee, na kwa kuwa yanaingia moja kwa moja kwenye chupa ya kipimo, anaongeza anhidridi ya asetiki ili iyameze. Vitabu vingine huyeyusha unga huu kwenye anhidridi tupu.

Anadondosha. Zambarau inakaa imara kwa muda mrefu, kisha inaanza kupata ubuluu pale tone linapoangukia na kupotea anapokoroga. Anapunguza kasi. Kwenye mililita 11.40 chupa nzima inageuka kijani cha bahari. Akitoa kipimo tupu zinabaki 11.36. Akizidisha kwa nguvu ya asidi na kwa 248.97 anapata miligramu 286.1, ambazo ni asilimia 99.5 ya unga mkavu. Umefaulu, anaweza kuandika.

Lakini ubaridi wa chumba ulikatika pamoja na umeme kabla ya saa sita, na kipimajoto sasa kinasoma 31. Asidi ya asetiki inavimba kwa joto karibu mara tano zaidi ya maji, kiasi cha sehemu 0.0011 kwa kila nyuzi moja. Nyuzi 6 ni sehemu 0.0066. Mililita 11.36 alizozisoma mchana zina asidi ile ile ambayo asubuhi ingejaa mililita 11.285 tu, kilichoongezeka ni uvimbe. Akirudia hesabu kwa namba hiyo anapata miligramu 284.2, na asilimia inashuka hadi 98.8. Unga ule ule, bureti ile ile, na sasa umeanguka chini ya 99.0. Kwa maji tofauti hiyo ya joto isingemnyima mtu usingizi. Kwa asidi ya asetiki, maabara ya Dar es Salaam au Mombasa isiyoandika joto la chumba kila mara haina haki ya kuandika namba ya pili baada ya nukta. Afadhali zaidi ni kupima upya nguvu ya asidi katika joto lile lile kabla ya kuhukumu mzigo wa mtu.

Unyevu wa pwani nao una mchango wake. Asidi hii hufyonza maji kutoka hewani, kwa hiyo vyombo hukaushwa tanurini na kupozwa mahali pakavu, chupa haziachwi wazi, na bureti hufungwa mrija wenye chembe za kukaushia hewa. Kwenye maabara za nyanda za juu tatizo ni jingine: asidi ya asetiki huganda kwenye nyuzi 16.6, na asubuhi ya Julai unaweza kuikuta imekuwa jiwe ndani ya stoo.

Wanaotumia elektrodi badala ya rangi wana mtego wao. Elektrodi ya kawaida ya rejea imejaa potasiamu kloridi iliyoyeyushwa kwenye maji. Ikizamishwa humu, potasiamu inakutana na perklorati na zile chenga nyeupe zinaziba tundu lake, huku maji yakivuja kwenye chupa. Namba kwenye skrini zinaanza kuyumba na mtu analaumu mashine. Dawa yake ni kumwaga kimiminika hicho na kujaza lithiamu kloridi iliyoyeyushwa kwenye ethanoli.

Kuna aina nyingine ya kwinini, ya sindano, ambayo imefungamana na asidi ya hidrokloriki. Hapo njia hii inakwama, kwa sababu kloridi ni besi hafifu mno hata ndani ya asidi ya asetiki na haikubali kupokea protoni kama salfeti. Mwaka 1952 Pifer na Wollish walionyesha ujanja wa kuongeza asetati ya zebaki: zebaki inaikumbatia kloridi na kuacha asetati mahali pake, na asetati inapimika vizuri. Ujanja huo ulitumika kwa miongo mingi. Leo famakopea zinauacha kwa sababu ya sumu ya zebaki, na sioni wa kuusikitikia. Kloridi nyingi sasa hupimwa kwa njia nyingine, kwa mfano ndani ya alkoholi kwa sodiamu hidroksaidi na elektrodi.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote hakitokani na maji. Njia hii inahesabu nitrojeni, haisomi majina. Ndugu wa kwinini wanaotoka kwenye gome lile lile, kama kwinidini, sinkonini na dihidrokwinini, wana nitrojeni mbili kila mmoja na wote watakula asidi sawasawa. Unga uliochanganywa na klorokwini nao utageuza rangi. Hata magnesiamu stearati, unga laini unaowekwa kwenye vidonge ili visigande kwenye mashine, ni besi ndani ya asidi ya asetiki, na mtu akisaga kidonge na kukipima hivi hivi atapata kwinini ambayo mgonjwa hataipata. Kwa vidonge dawa hutolewa kwanza kwa kuyeyushwa na kuchujwa, au hupimwa kwa mashine ya kromatografia. Na kwa unga ghafi, famakopea huitanguliza kromatografia ili kuona ni nani na nani wamo, na inavumilia dihidrokwinini hadi asilimia 10, kwa sababu mti wenyewe huitengeneza na kuitenga kabisa ni kazi ghali.